Sifuri ikikaa kwenye asili: ukate, utumie L'Hôpital, au utengeneze jedwali?

Vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita ninaowafundisha hisabati jioni hapa Sinza wana swali moja ambalo halikosi kila tunapofika kwenye limiti. "Mwalimu, tangu shule ya msingi tunaambiwa haiwezekani kugawanya kwa sifuri. Hapa chini kuna sifuri, na wewe unasema limiti ni 6. Imekuwaje?"

Ni swali la haki, na anayeliuliza ana akili nzuri kuliko anayenakili jibu na kunyamaza. Tuchukue sehemu hii, ambayo nitaitumia hadi mwisho:

(x − 9)/(√x − 3), x ikikaribia 9

Ukiweka x = 9 unapata sifuri juu na sifuri chini. Hapo ni kweli kabisa kwamba sehemu yenyewe haina thamani, na hakuna ujanja wa kuipa. Lakini limiti haikuulizi thamani ya sehemu pale kwenye 9. Inakuuliza sehemu inaelekea wapi x inapoisogelea 9 kutoka pande zote mbili, na maana yake rasmi inamkataza x kuwa 9. Kila x unayoruhusiwa kuitumia ni 9.1, au 8.99, au 9.0000001, na kwa zote hizo asili si sifuri. Kwa hiyo hakuna mahali tulipogawanya kwa sifuri. Sheria ya shule ya msingi imebaki palepale.

Angalia pia kwamba bila limiti za namna hii tusingekuwa na mwendo wa papo hapo wa chombo chochote. Tuseme basi la mwendokasi linaondoka kituoni Kimara, na umbali wake kwa mita baada ya sekunde t ni 0.5t². Dereva anataka kujua mwendo wake sekunde ya 4 ilipotimia, ambapo amekwenda mita 8. Mwendo wa wastani kati ya sekunde ya 4 na sekunde t ni (0.5t² − 8)/(t − 4). Ukiweka t = 4 unapata 0/0, kwa sababu ndani ya muda wa sifuri basi halijasogea hata kidogo. Hata hivyo basi lina mwendo, na mshale ulio mbele ya dereva unauonyesha. Sehemu ile ni sawa na 0.5(t + 4) kwa kila t isiyo 4, na inaelekea mita 4 kwa sekunde, yaani kilomita 14.4 kwa saa. Kila derivativu, yaani kasi ya badiliko la funksheni, inapatikana kwa limiti ya sura hiyohiyo ya 0/0.

Kabla ya kuchagua njia, tazama juu. Watu wengi hukodolea macho asili tu, kumbe kiasi ndicho kinachoamua. Kama juu kuna namba isiyo sifuri na chini panaelekea sifuri, huna cha kukata wala cha kuokoa, kwa sababu sehemu inakua bila ukomo. Kinachobaki ni kuangalia alama kila upande. 1/(x − 2)² inapanda bila ukomo pande zote mbili za 2. Lakini (x + 3)/(x − 2) inapanda upande wa kulia na kushuka upande wa kushoto, hivyo hiyo haina limiti. Njia tatu ninazolinganisha hapa chini ni za pale ambapo juu na chini vyote vinakwenda sifuri. Hapo ndipo jibu linaweza kuwa lolote: 6, nusu, sifuri, au lisiwepo.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaziuliza njia zote tatu mambo manne yaleyale. Inahitaji nini kabla hujaianza? Inakwendaje kwenye mfano wetu wa 9? Inakwama wapi, na utajuaje kwamba imekwama? Na inamfaa nani? Swali la tatu nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu njia zote ni tamu mfano unapokuwa laini. Tofauti zao huonekana pale zinapovunjika.

Njia ya kwanza: kukata kwa aljebra

*Inahitaji nini.* Inahitaji kigawo kinacholeta sifuri kionekane juu na chini. Wakati mwingine kinaonekana mara moja, na wakati mwingine unakitoa kwa nguvu, kwa mfano kwa kuzidisha juu na chini kwa mwenza wa kipeuo. Huhitaji kujua derivativu hata kidogo.

*Kwenye mfano wetu.* x − 9 ni tofauti ya namba mbili za mraba ukiitazama kwa jicho la vipeuo: (√x − 3)(√x + 3). Kigawo √x − 3 kiko juu na kiko chini, tunakikata, na kinabaki √x + 3. Sasa x ikielekea 9, jibu linaelekea 3 + 3, yaani 6. Asiyeliona hilo azidishe juu na chini kwa √x + 3. Chini patakuwa x − 9, patakatana na x − 9 ya juu, na atafika palepale.

Tuna ruhusa ya kukata kwa sababu x si 9, kwa hiyo √x − 3 si sifuri, na kugawanya kwa kitu kisicho sifuri ni halali. Ndiyo maana neno "lim" lazima libaki kila mstari mpaka pale unapoweka namba. Mwanafunzi anayeandika "0/0 = 6" ameandika uongo hata kama jibu la mwisho limetokea sahihi, na msahihishaji ana haki ya kumkata alama.

*Inakwama wapi.* Kwanza, kukata mara moja hakumaanishi kazi imekwisha. Chukua (x − 2)/(x² − 4x + 4) kwenye 2. Chini ni (x − 2)², unakata kigawo kimoja na kinabaki 1/(x − 2). Sifuri bado iko chini, na juu sasa kuna 1, hivyo hakuna limiti. Utalijua hili kwa kuweka namba tena baada ya kukata, na wengi hawafanyi hivyo.

Pili, kuna funksheni ambazo hazina kigawo cha kukata. (eˣ − 1)/x au sin x/x hazikatiki hata ukikesha. Ukijikuta umejaza nusu ukurasa wa aljebra na sifuri haijahama, hiyo ndiyo dalili ya kubadili njia.

Tatu, alama ya thamani halisi inadanganya macho. |x − 3|/(x − 3) ni 0/0 kwenye 3, na mtu anashawishika kukata aandike 1. Lakini upande wa kushoto wa 3, |x − 3| ni sawa na −(x − 3), na sehemu yote ni −1. Kulia ni 1. Pande hazikutani, kwa hiyo limiti haipo. Hapa aljebra ikifanywa upande mmoja mmoja inatoa jibu kamili, na ikifanywa kwa haraka inatoa jibu baya.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeanza, na mtu yeyote anayetaka kuelewa sifuri ilikwenda wapi, maana ni njia hii pekee inayomwonyesha kigawo kilicholeta tatizo kikiondoka. Inamfaa pia anayejibu swali linalotaka derivativu kutoka kanuni za msingi, kwa sababu hapo kutumia derivativu kutafuta derivativu ni kuzunguka duara.

Njia ya pili: kanuni ya L'Hôpital

Inatamkwa Lopitali. Ilitoka katika kitabu ambacho Guillaume de l'Hôpital alikichapisha Paris mwaka 1696, ingawa aliyeigundua ni mwalimu wake Johann Bernoulli, ambaye alikuwa akilipwa ili kumpa ugunduzi wake.

*Inahitaji nini.* Juu na chini vyote vielekee sifuri, au vyote vielekee kusiko na ukomo. Viwe na derivativu karibu na pale unapoelekea, na derivativu ya chini isiwe sifuri katika eneo hilo ukiacha penyewe. Sharti la mwisho husahaulika: limiti ya sehemu mpya iwepo, au iwe ya kwenda bila ukomo. Isipokuwepo, kanuni haijakwambia chochote kuhusu limiti ya mwanzo, na hairuhusiwi kuhitimisha kwamba nayo haipo.

*Kwenye mfano wetu.* Derivativu ya x − 9 ni 1. Derivativu ya √x − 3 ni 1/(2√x). Ukigawanya unapata 2√x, na kwenye 9 hiyo ni 6. Ni mstari mmoja tu.

Nguvu yake inaonekana zaidi mahali pengine. (x¹⁰⁰ − 1)/(x − 1) kwenye 1 inakatika kwa aljebra, lakini ukishakata unabaki na jumla ya viambajengo 100 vya kuandika. Kwa L'Hôpital juu inakuwa 100x⁹⁹, chini 1, jibu 100. Na (eˣ − 1 − x)/x² kwenye 0, ambayo aljebra haiwezi kuigusa, inakwenda hivi: mara ya kwanza (eˣ − 1)/(2x), tunaweka 0, bado ni 0/0, tunaruhusiwa kurudia. Mara ya pili eˣ/2, tunaweka 0, tunapata nusu, tunasimama.

*Inakwama wapi.* Kosa ninaloliona sana ni kuitumia bila kutazama juu. Rudi kwenye (x + 3)/(x − 2) kwenye 2. Mwanafunzi anaona sifuri chini, anachukua derivativu juu na chini, anapata 1/1, anaandika jibu ni 1. Lakini juu kulikuwa na 5. Sehemu haina limiti kabisa. Kanuni haikutoa onyo lolote, ilitoa namba nzuri na safi. Hilo ndilo linaloifanya iwe hatari, kwamba ikitumiwa mahali pasipo pake inanyamaza tu. Kinga ni kuandika pembeni, kila mara kabla ya kuitumia, juu panaelekea ngapi na chini panaelekea ngapi. Hata mara ya pili na ya tatu ndani ya swali lilelile andika, maana wengi huthibitisha mara ya kwanza kisha wakaendelea kuchukua derivativu mpaka wakapita jibu.

Kosa la pili ni kuchukua derivativu ya sehemu nzima kwa kanuni ya mgawanyo. L'Hôpital inataka derivativu ya juu peke yake na ya chini peke yake. Ukiona mraba wa asili umejitokeza chini, ujue umepotea hapo.

Na kuna suala la sin x/x kwenye 0. L'Hôpital inatoa cos x/1, yaani 1, na 1 ni sahihi. Ila derivativu ya sin x ilipatikana kwa kujua kwanza kwamba sin x/x inaelekea 1. Kama umeulizwa kuthibitisha, hujathibitisha kitu. Kama umeulizwa jibu tu, endelea.

*Inamfaa nani.* Inamfaa aliyekwisha kuzoea derivativu na ana dakika chache, hasa wa mwaka wa kwanza chuoni ambaye limiti kwake ni hatua ndani ya swali kubwa. Kwa anayekutana na limiti wiki hii kwa mara ya kwanza, mimi ningemwambia asubiri. Atapata majibu mengi sahihi na bado swali lake la sifuri litabaki bila kujibiwa.

Njia ya tatu: jedwali la namba

*Inahitaji nini.* Kikokotoo au kompyuta, na namba zinazosogea kutoka pande zote mbili. Haihitaji aljebra wala derivativu. Haihitaji hata fomula, na jambo hilo nitalirudia.

*Kwenye mfano wetu.* x = 8.9 inatoa 5.9833. x = 8.99 inatoa 5.9983. Kutoka juu, x = 9.1 inatoa 6.0166 na x = 9.01 inatoa 6.0017. Pande zote zinabana 6. Kwa mwanafunzi asiyeamini kwamba sifuri ya chini haikuua limiti, namba hizi nne humfungua kuliko maelezo yangu yote.

*Inakwama wapi.* Jedwali linaonyesha, halithibitishi. Namba zinazokaribia 0.3333 huenda zinaelekea theluthi moja, na huenda zinaelekea 0.33329. Kubwa zaidi ni kwamba kuna kikomo cha kusogea. Mtu hufikiri akikaribia zaidi atapata jibu bora zaidi, na si hivyo. Jaribu hii kwenye Python:

```python
from math import sqrt
for h in (1e-2, 1e-6, 1e-15):
    x = 9 + h
    print(h, (x - 9) / (sqrt(x) - 3))
```

Mstari wa kwanza unatoa karibu 6.0017, wa pili karibu 6.0000002, na wa tatu unatoa 4.0. Hesabu haijabadilika, limiti bado ni 6. Kilichotokea ni kwamba kompyuta inatunza tarakimu 16 hivi tu. Karibu kabisa na 9, √x inatofautiana na 3 kwa kiasi kidogo kuliko hatua ambayo kompyuta inaweza kuiandika, hivyo inakiviringisha hadi hatua iliyo karibu. Ukigawanya kwa kitu kilichoviringishwa hivyo, kosa linavimba. Kikokotoo cha mkononi nacho kitafika mahali kione sifuri tupu chini na kuandika Math ERROR. Dalili ya tatizo ni jibu kutulia vizuri, kisha ghafla kuanza kurukaruka kadiri unavyokaribia. Chukua thamani pale lilipokuwa limetulia.

Mtego mwingine ni kikokotoo kilichoachwa kwenye nyuzi. Jedwali la sin x/x likikupa 0.01745 kila mstari, limetulia kweli, ila limetulia kwenye π/180. Badilisha kiwe kwenye radiani na utaona 1.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayetaka kuhakiki jibu alilolipata kwa njia nyingine, na inamfaa sana asiye na fomula. Tuseme una simu ndani ya lile basi la Kimara, na inarekodi mahali ulipo. Huna 0.5t², una orodha ya mahali na saa. Hakuna cha kukata na hakuna cha kuchukulia derivativu, ni jedwali tu. Lakini jipunguzie tamaa ya kufupisha muda. Kipimo cha simu kikikosea umbali kwa mita 3, ukigawanya kwa sekunde 0.1 kosa la mwendo ni mita 30 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 100 kwa saa, hata basi likiwa limesimama. Ukigawanya kwa sekunde 10 kosa ni mita 0.3 kwa sekunde, lakini sasa umepata wastani wa sekunde 10 badala ya mwendo wa papo hapo. Unachagua muda wa kati unaovumilika pande zote mbili.

Basi uchague ipi?

Kama umeona sifuri chini na hujaangalia juu, usichague bado. Weka namba juu kwanza. Ikiwa si sifuri, kazi yako ni alama za kushoto na kulia, na hakuna kati ya njia hizi tatu unayoihitaji.

Kama ni 0/0, na juu na chini ni polinomia fupi au kuna kipeuo cha pili, anza kwa kukata. Ni fupi ya kutosha na inajieleza yenyewe kwenye karatasi ya mtihani.

Kama kuna eˣ, logi au sin zimechanganyika na x, au kipeo ni kikubwa, na derivativu unazijua, tumia L'Hôpital ukiandika "0/0" pembeni kila unapoirudia. Swali likikataza kanuni hiyo au likitaka kanuni za msingi, rudi kwenye aljebra na kwenye limiti ya sin x/x iliyokwisha kuthibitishwa.

Kama kuna thamani halisi, au fomula inabadilika pale hasa unapoelekea, fanya kila upande peke yake kwa aljebra. L'Hôpital ikitumika moja kwa moja hapo ni makosa, kwa kuwa derivativu za pande mbili hazifanani.

Kama una vipimo badala ya fomula, jedwali ndilo lako, na muda wa katikati uuchague kulingana na kosa la kifaa chako.

Na kama umeshapata jibu kwa njia yoyote na dakika moja imebaki, weka kwenye kikokotoo namba mbili, moja kila upande, zilizo umbali wa 0.01 hivi. Kwenye (x + 3)/(x − 2) utaona 501 upande mmoja na −499 upande wa pili, na ile 1 uliyoiandika utaifuta kabla karatasi haijakusanywa.